Kata au kataa: swichi za mwanga kwa anayechapa karibu na bahari

"Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Lindi mjini, nachapa viapo vya mahakama, mihtasari ya vikao vya ushirika na barua za watu. Kibodi yangu ya mekanikali ina miaka mitatu, sasa herufi A inajirudia yenyewe. Muuzaji wa Dar ananiambia nichukue ya swichi za mwanga, eti haijirudii maisha na ni ya haraka kuliko zote. Ni kweli, au ananipiga?"

Nzuri, dada. Kwenye kujirudia hajakudanganya. Kwenye haraka anakuuzia kitu ambacho kwa kazi yako hakina maana. Halafu kuna jambo la tatu ambalo nadhani hakukugusia: kibodi ya mwanga ikiugua, mara nyingi inaugua mahali ambapo fundi wa mtaani hana vifaa vya kufika.

Tuanze na hiyo A. Ndani ya swichi ya kawaida kuna vipande viwili vyembamba vya chuma. Kimoja kimekaa tuli, kingine kinanesa kama ulimi. Ukibonyeza, kinguzo cha plastiki kilicho chini ya kofia ya herufi kinashuka, ule ulimi unaachiwa, unakwenda kumgusa mwenzake, umeme unapita na kompyuta inapokea A. Shida ni kwamba chuma kikigonga chuma hakitulii hapo hapo. Dondosha sarafu ya mia mbili kwenye sakafu ya saruji uisikilize: inadunda mara kadhaa ndipo inalala. Vile vyuma navyo hudunda, ila kwa muda mfupi mno. Cherry wa Ujerumani, ambao swichi yao ya MX ndiyo iliyoigwa na karibu kila mtu, wanasema mdundo wa swichi yao hauzidi milisekunde 5. Kwa hiyo programu iliyomo ndani ya kibodi hufundishwa kuvumilia: ikisikia mguso wa kwanza, inangoja kidogo, mara nyingi hizo hizo milisekunde 5 au zaidi kidogo, na kila kinachodunda ndani ya muda huo inakipuuza.

Sasa leta chumvi. Unajua bati za nyumba zilizo karibu na bahari zinavyokuwa baada ya miaka michache. Hewa inayokula bati ndiyo inayoingia kwenye kibodi. Sehemu zinazogusana hupakwa dhahabu nyembamba sana, na kwenye swichi za kuiga hupakwa nyembamba zaidi. Unyevu wenye chumvi hupenya kwenye vitundu vidogo vya huo mpako na kuanza kula shaba iliyo chini yake. Uso uliokuwa laini unakuwa na mikwaruzo na utando, mguso unakuwa wa kusitasita, na mdundo uliokuwa chini ya milisekunde 5 unafika 15 au 20. Programu imeshamaliza kungoja, chuma bado kinadunda. Ndiyo A yako ya pili.

Mwezi uliopita nililetewa kibodi kama yako hapa Mtwara, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya Linux na kuiendesha chini ya `evtest`, programu inayoonyesha kila mbonyezo na saa yake. Nilibonyeza A mara moja tu, kwa kidole kimoja, taratibu. Hiki ndicho kilichotoka, nimeacha mistari minne:

```
time 1718000412.104, code 30 (KEY_A), value 1
time 1718000412.120, code 30 (KEY_A), value 0
time 1718000412.136, code 30 (KEY_A), value 1
time 1718000412.216, code 30 (KEY_A), value 0
```

Namba 1 mwishoni maana yake kitufe kimebonyezwa, 0 kimeachiwa. Tazama mstari wa pili na wa tatu. Kitufe "kimeachiwa" kwenye .120 na "kimebonyezwa" tena kwenye .136, yaani milisekunde 16 baadaye. Hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kunyanyuka na kurudi ndani ya muda huo. Ukibonyeza A mbili kwa makusudi, kama kwenye "saa", hata ukiwa mwepesi, nafasi kati ya kuachia na kubonyeza tena huwa kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Kwa hiyo hapo hakuna ubishi: si mkono wa mchapaji, ni swichi.

Na mara nyingi inayoanza kulalamika ni A, kwa sababu Kiswahili kinaibonyeza kupita kiasi. Andika "mdaiwa alikataa kulipa" kisha hesabu: herufi 20, A ziko 7. E haimo hata moja. Hapo hapo ndipo hatari ya kazi yako ilipo. Kama ingekuwa K inajirudia, ungeona "kkulipa" na ungeifuta. Lakini A mbili kwa Kiswahili ni jambo la kawaida, na mara nyingi zinazaa neno jingine lililo sahihi. Kata na kataa. Kufa na kufaa. Kupa na kupaa. Shahidi "alikata" mti na shahidi "alikataa" mti, wote wawili kompyuta inawapitisha bila kuwawekea mstari mwekundu, na kiapo kimeshagongwa muhuri. Kwa hiyo usiichukulie kama kero tu. Mpaka uirekebishe, soma kila A mbili kwenye karatasi kabla ya mteja kutia saini.

Pengine kuna atakayekushauri uwashe `Filter Keys` kwenye Windows ili ipuuze herufi zinazojirudia. Usifanye hivyo. Muda mfupi kabisa ambao Windows inakuruhusu kuchagua ni nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo itameza pia zile A mbili ulizokusudia, na "kataa" zako zote zitageuka "kata". Utakuwa umetoka kwenye matope ukaingia kwenye tope.

Haya, mwanga. Kwenye swichi hizo hakuna vyuma viwili vya kugusana. Chini ya kila kitufe, juu ya bodi yenyewe, kuna vidoti viwili vinavyotazamana. Kimoja ni kitaa cha LED kinachotoa mwanga wa infraredi, ule ule wa rimoti ya runinga ambao jicho haliuoni. Cha pili ni sensa inayoupokea. Kinguzo cha swichi kina mguu unaopita katikati yao. Ukibonyeza, kwa baadhi ya miundo mguu unakata mwanga. Kwa mingine mguu ulikuwa umeziba, na unaposhuka unaacha mwanga upite. Vyovyote vile, sensa inapata jibu moja safi: mwanga upo au haupo. Hakuna kugonga, kwa hiyo hakuna mdundo, kwa hiyo programu haina cha kungoja. Na hakuna uso wa chuma wa kuliwa na chumvi pale mbonyezo unaposomwa. Kujirudia kwa namna ya A yako, kule kunakoletwa na mguso mchafu, hakupo kwenye muundo huo. Hapo muuzaji yuko sawa.

Ila sikiliza vizuri nilivyosema: pale mbonyezo unaposomwa. Springi bado ni chuma. Kichwa cha USB bado ni chuma. Na bodi nzima, yenye LED na sensa zaidi ya themanini zilizolehemiwa juu yake, bado inavuta hewa ile ile ya ghuba ya Lindi. Mwanga unakuondolea ugonjwa mmoja, ingawa ndio unaosumbua wengi.

Na unaleta wake. Msimu wa korosho uliopita nilipokea kibodi ya mwanga iliyomwagikiwa juisi ya mabibo. Mwenyewe aliipangusa juu, akaianika, siku mbili ikafanya kazi, ya tatu N ikaacha kuandika, na B ikawa inaandika kwa kusuasua. Juisi ya mabibo ina sukari na nyuzinyuzi, ikikauka inaacha utando wa kahawia mithili ya varnishi. Kwenye swichi ya chuma utando huo ungeweza kuleta mguso mbovu. Kwenye ya mwanga unaziba jicho. Kibodi ile ilikuwa ya aina ambayo ukibonyeza mwanga unapita, kwa hiyo uchafu uliugeuza kitufe kuwa bubu. Ingekuwa ya aina ya pili, ambayo ukibonyeza mwanga unakatika, uchafu huo huo ungeifanya kompyuta idhani N imebonyezwa na haijaachiwa, na ungeona nnnnnnnn inakimbia mpaka mwisho wa ukurasa. Ukiona dalili mojawapo kati ya hizo mbili, usifikirie chumvi. Fikiria kitu kilichosimama njiani: juisi, vumbi, unywele, au sisimizi. Nimeshawahi kumtoa sisimizi mmoja mkavu kabisa aliyekuwa amefia mbele ya sensa ya herufi M.

Kabla ya kusafisha nilitaka kujua kama ni swichi au ni bodi, na hapa swichi za mwanga zina raha yake. Kwa kuwa swichi yenyewe haina kitu chochote cha umeme ndani, ni plastiki na springi tu, kwenye kibodi nyingi haikulehemiwa. Unachomoa kofia, unaishika swichi kwa kibano chake, unavuta, inatoka. Nikaichukua swichi ya N nikaiweka kwenye nafasi ya M, ya M nikaiweka kwenye N. M ikaendelea kuandika vizuri, N ikabaki bubu. Ugonjwa haukuhama na swichi, basi uko kwenye bodi. Nikachukua pamba ya masikioni, nikailowesha kidogo spiriti ya isopropili, nikasugua vidoti vyote viwili na eneo la kati mpaka pamba ikaacha kutoka na rangi. Nikangoja nusu saa ikauke. N ikarudi. B ikahitaji kurudiwa mara mbili.

Kama isingerudi, ningeangalia kama kitaa kinawaka. Kamera nyingi za simu, hasa ya mbele, huuona mwanga huo kama kidoti cha zambarau hafifu. Jaribu kwanza kwa rimoti ya runinga ujue kama yako inaweza. Kidoti cha jirani kikionekana na cha N hakionekani, LED imekufa. Na hapo ndipo raha inapoishia. LED na sensa hizo ni ndogo kuliko punje ya mchele, zinatolewa kwa hewa ya moto, na ya kubadilishia sharti ifanane na ile iliyotoka. Swichi ya chuma ikifa, naitoa kwa chuma cha kulehemia na pampu ya kunyonya risasi, naweka nyingine, dakika kumi umeondoka. Sensa ikifa, naweza kukwambia uniachie kibodi bila kukuahidi siku.

Na swichi zenyewe hazibadilishani hovyo. Za chuma, kwa sababu karibu wote walifuata umbo la Cherry MX, naweza kuchanganya za viwanda vitano kwenye kibodi moja. Za mwanga, kila mtengenezaji ana mahali pake pa kuweka LED na mguu wa umbo lake. Swichi ya mwanga ya Gateron haitafanya kazi kwenye bodi ya Razer, hata kama kwa macho zinaelekeana. Ukinunua, nunua na swichi za akiba za kibodi hiyo hiyo siku hiyo hiyo, kwa sababu baada ya miaka miwili unaweza kukuta toleo hilo halipo tena sokoni.

Kuhusu haraka nitasema kwa ufupi. Mchapaji wa maneno 60 kwa dakika, tukihesabu neno kuwa herufi tano kama wanavyohesabu kwenye mitihani ya uchapaji, anabonyeza mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde. Kati ya kitufe na kitufe kuna milisekunde 200. Mwanga umekuokolea 5. Ni sehemu moja ya arobaini ya muda ambao kidole chako kinahitaji kutoka herufi moja kwenda nyingine, na hata hiyo haikufanyi umalize ukurasa mapema. Inafanya tu herufi itokee mapema kidogo kwenye skrini. Wacheza gemu wana sababu ya kuitaka. Kiapo hakina.

Kinachotakiwa kukushughulisha ni kina. Swichi ya kawaida ya MX inashuka milimita 4 kwa jumla na inasoma mbonyezo ikifika 2. Kwa kuwa watengenezaji wengi wa swichi za mwanga waliwalenga wacheza gemu, wameusogeza usomaji juu. Razer walipotoa Huntsman mwaka 2018, swichi yao ya zambarau ilisoma kwenye milimita 1.5, na ile nyekundu iliyofuata inasoma kwenye 1.0, kwa uzito wa gramu 40. Milimita moja, dada, ni unene wa kadi ya simu na kidogo zaidi. Wewe si mtu wa kuninginiza mikono hewani; unapumzisha vidole juu ya A S D F na J K L huku mteja akitafuta namba ya kesi kwenye mkoba. Kidole cha mwisho cha kushoto, ambacho ndicho dhaifu na ndicho kinachokaa juu ya A, kikizidisha uzito kidogo, A imeshaandikwa. Utakuwa umeikimbia A ya chumvi ukaipata A ya kidole, na ya pili hii hakuna fundi wa kuitengeneza. Tafuta iliyoandikwa 2.0 au karibu yake. Zipo pia zinazopima kiasi cha mwanga badala ya kuuliza upo au haupo, na hizo zinakuruhusu kuchagua kina mwenyewe; Huntsman V2 Analog, kwa mfano, inapangika kuanzia milimita 1.5 hadi 3.6. Ni nzuri, lakini kwa steshenari ni kama kununua lori la kubebea mkate.

Jambo jingine ni mguso wa mkono. Kama kibodi yako ya sasa ina ule mruko mdogo unaousikia kidoleni katikati ya safari, ujue kwamba kwenye swichi za mtindo wa MX mruko huo unatokana na mguu wa kinguzo kupanda na kushuka juu ya ule ulimi wa chuma. Ukiondoa ulimi, umeondoa na mruko, na mtengenezaji analazimika kuweka kitu kingine cha kuuiga. Wengine wanaweka, wengine hawajishughulishi, na ndiyo maana nyingi za mwanga utakazokuta zinateleza tu moja kwa moja hadi chini. Wapo wanaozipenda kwa sababu ni laini sana. Wachapaji wengi niliowahudumia, waliojifunza kwenye mashine za taipu, huzilalamikia wiki ya kwanza: hawajui herufi imeingia lini, basi wanagonga hadi chini, na jioni viungo vya vidole vinauma. Kama huwezi kuijaribu dukani, muulize muuzaji kwa maneno haya haya: ina mruko au inateleza?

Ya bluetuthi usichukue. Swichi ya chuma haili betri mpaka uibonyeze. Ya mwanga inabidi imulike vitaa vyake kila inapokagua vitufe, na inakagua muda wote unapoandika. Chukua ya waya.

Lakini kabla hujatuma hela Dar, fanya hili ambalo halina gharama. Kibodi yako kubwa ina vitufe ambavyo tangu uinunue hujavibonyeza mara kumi: `Pause`, `Scroll Lock`. Swichi zilizo chini yake kwa kawaida ni za aina moja na ya A. Kama swichi zako zinachomoka, chomoa ya A na ya `Pause` uzibadilishane nafasi. Ile iliyokaa muda mrefu bila kuguswa inaweza kuwa na utando wake, kwa hiyo ibonyeze mara hamsini au sitini kwanza ili vyuma vijisugue. Kisha fungua `Notepad`, andika "kata" mistari ishirini, na "kataa" mistari ishirini. Ukiona mistari yote imekaa sawasawa, umepata miaka mingine bila kutoa senti. Ukiona A bado inajirudia ingawa swichi ni nyingine, basi tatizo liko kwenye bodi, na hapo nunua kibodi mpya bila kinyongo: ya mwanga kama umeipata yenye kina cha kutosha na swichi za akiba, ya chuma yenye swichi za kuchomoka kama hukuipata. Mimi kwa mchapaji wa Lindi ningeelemea ya mwanga, mradi chai na juisi zikae meza nyingine.

Kama swichi zako zimelehemiwa, usizivute kwa bisibisi, utang'oa njia za shaba kwenye bodi. Ifunge kwa gazeti, iweke kwenye boksi gumu, mpe kondakta wa basi la asubuhi linalokuja Mtwara, na uniandikie ubavuni mwa boksi ni vitufe gani huvitumii kabisa. Nitatoa swichi mbili kutoka hapo, moja nitaiweka kwenye A na nyingine kwenye I, maana hiyo ndiyo itakayofuata.